Shajara ya mradi: Kukuziwa wa Aldabra aliyeacha kuruka mara mbili

Lamu, kaskazi inavuma. Ukuta umepatikana

Maktaba ya mtaa imetukubalia ukuta mmoja mrefu na kona ya kuweka meza. Maonyesho ya watoto yatafunguliwa kabla kusi haijaingia. Orodha ya kwanza tuliyoiandika na wanafunzi ilikuwa ndefu mno: tembo wa kale wa Sisili waliokuwa na kimo cha mita moja tu, dodo wa Morisi, kobe wakubwa, viboko vibete wa Bukini. Ukiwapanga wote ukutani unapata picha za maajabu, na mtoto anaondoka hajajua kilichowafanya wawe hivyo.

Kwa hiyo nimeipunguza orodha. Karibu ukuta wote utamhusu ndege mmoja, kukuziwa wa Aldabra mwenye koo jeupe. Ni wa bahari yetu hii hii. Aldabra ni kisiwa cha matumbawe chenye umbo la pete, upande wa magharibi kabisa wa Ushelisheli, zaidi ya kilomita 400 kutoka Bukini na zaidi ya 600 kutoka pwani ya Afrika. Ndege huyu hafiki robo kilo. Kichwa na kifua ni vyekundu vya kahawia, koo ni jeupe, miguu ni mirefu na imara. Ana mabawa lakini haruki. Ndiye ndege pekee asiyeruka aliyesalia katika visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi. Dodo alikwenda, na wenzake wengi wa Morisi na Rodrigesi wakamfuata.

Sababu ya kumchagua ni nyingine. Mageuko mengi tunayahadithia baada ya kutokea, na hatuna njia ya kuuliza kama yangetokea tena mambo yakianza upya. Kwa ndege huyu yameanza upya, na mawe ya Aldabra yameweka ushahidi wa mara zote mbili.

Jikoni

Kabla ya kuchora chochote nilitaka watoto washike mfupa mkononi. Nimenunua njiwa wa kufugwa na kuku wa kienyeji, wakachinjwa, wakapikwa, nyama tukala. Mifupa ya kidari nikaichemsha tena polepole hadi mabaki ya nyama yakalegea, nikayatoa kwa mswaki wa zamani, nikailoweka usiku kucha katika maji ya vuguvugu yenye sabuni ya unga, kisha nikaianika kivulini. Jua kali hupasua mfupa mwembamba.

Mtu aliyezaliwa Lamu akiushika mfupa wa kidari cha njiwa ataujua mara moja: una mkuku kama wa jahazi. Bamba pana ni mwili wa chombo, na katikati yake unashuka ukingo mwembamba wenye kina. Pande mbili za ukingo huo ndipo misuli ya kuruka inaposhika. Mkuku ukiwa na kina, misuli ina pa kujishikiza. Ukiwa mfupi, hakuna misuli mikubwa, na hakuna kuruka. Mbuni kidari chake ni bapa kabisa.

Nyama ya kidari ya njiwa niliipima kwenye mizani ya jikoni kabla ya kuipika. Pande zote mbili pamoja zilikuwa kati ya humusi na robo ya uzito wa ndege mzima. Hapo ndipo kiini cha jambo lote. Robo ya mwili ni injini, na injini hiyo lazima ilishwe hata siku ambayo ndege hajaruka kabisa. Mtaalamu wa fiziolojia Brian McNab alipima matumizi ya nishati ya ndege wa jamii ya kukuziwa wakiwa wamepumzika, akaona wasioruka hutumia kidogo kuliko jamaa zao wanaoruka. Sehemu ya akiba hiyo ni hayo mapande ya misuli yaliyopungua.

Mifupa miwili itawekwa mezani bila kioo. Wa njiwa umetoka mweupe na mzima. Wa kuku ncha ya nyuma ni laini, bado ni gegedu, maana alikuwa kijana. Nimeamua kuuacha hivyo hivyo kwa sababu utasaidia kueleza jambo la ubao wa tatu.

Matondoni, kwa fundi

Nimempelekea fundi plaiwudi akate maumbo ya ndege kwa ukubwa halisi: kukuziwa wa Bukini anayeruka, na wa Aldabra. Mzee huyu ameunda vyombo tangu ujana wake, na maswali yake yalikuwa makali kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Aliitazama michoro kwa muda, akasema, "Mwalimu, hawa wawili ni ndege mmoja. Umenipa mabawa tofauti tu."

Nikamwambia ndivyo hasa. Wa Aldabra ametokana na wa Bukini, na ukiwaweka pamoja hutawatofautisha kwa rangi upesi. Tofauti iko kwenye mabawa yaliyofupika na miguu iliyonenepa.

Akauliza tena, "Na huko Aldabra hakuna ndege wengine? Nao hawaruki?"

Swali hili limenibadilishia mpangilio wa ukuta. Aldabra imejaa ndege wa baharini. Kuna ndege weusi wakubwa wenye mabawa marefu na mkia wa panda, wanaokaa angani siku nzima na kuzaliana kwenye mikoko kwa maelfu. Wanaishi pale pale penye kukuziwa, kwenye kisiwa kile kile ambacho hakikuwa na mnyama wa nchi kavu wa kuwawinda, na bado wanaruka kwa ustadi mkubwa. Kwa hiyo kusema "hakuna adui, ndiyo maana wameacha kuruka" ni kusema nusu ya maneno.

Nusu ya pili ni chakula. Ndege wa baharini chakula chake kiko maili nyingi kutoka ufukweni, na asiyeruka atakufa njaa juma lile lile. Kukuziwa anakula akitembea: anapekua majani makavu, anachokoa kaa wadogo na wadudu, anafuata kobe anapotifua takataka. Hata kule Bukini wanakoruka, ndege wa jamii hii hushinda chini na huinuka kwa uzito, hasa wakishtuliwa. Bawa kwao ni la kukimbia hatari na la kuhama. Hatari ikiondoka, na pa kuhamia pakiwa ni bahari tupu, bawa linabaki gharama isiyo na malipo. Ndiyo maana visiwa vingi duniani vimepata au viliwahi kuwa na ndege wa jamii hii wasioruka, wakati jamii nyingine nyingi hazijatoa hata mmoja.

Fundi ameahidi kuyakata maumbo juma hili. Ameniomba asilimalizie bawa la Aldabra kwa msumeno wa umeme. Anataka kulimalizia kwa tupa, "lisije likaonekana limekatwa."

Ubao wa tatu: kuchelewa kukua

Huu nimeuandika upya na sasa umekaa vizuri, kwa sababu ya ule mfupa laini wa kuku.

Watu hudhani ili ndege apoteze bawa lazima kitu kikubwa kivunjike mwilini mwake. Si lazima. Kifaranga wa kukuziwa anatoka yaini na miguu tayari, anakimbia muda mfupi baada ya kukauka. Mabawa na mkuku wa kidari huchelewa sana, na mkuku hubaki gegedu mpaka karibu na ukubwani. Yaani kila kukuziwa anayeruka alipitia utotoni umbo la kukuziwa asiyeruka. Mabadiliko madogo ya urithi yanayochelewesha au kusimamisha mapema ukuaji wa kifua yanatosha kutoa ndege mzima, mwenye afya, anayezaa, aliyebaki na kidari cha kitoto. Mwaka 1973 Storrs Olson, bingwa wa ndege hawa, alieleza kuwa hii ndiyo njia yao ya mkato. Kwao kuacha kuruka ni rahisi kuliko kwa njiwa au mwewe, kwa kuwa mlango uko wazi tayari katika namna wanavyokua.

Mezani watoto wataugusa mkuku wa njiwa mkavu, kisha ncha laini ya kuku kijana. Sitaandika mengi juu yake.

Ijumaa, baada ya sala. Ubao wa bahari

Huu ndio ubao mkuu, wenye rangi ya bluu kutoka juu hadi chini.

Aldabra ni tambarare, karibu ardhi yake yote haizidi kama mita 8 juu ya bahari. Karibu miaka 136,000 iliyopita bahari ilipanda ikakifunika kisiwa chote. Hakikubaki kijiti. Kila mnyama wa nchi kavu aliyekuwepo alikufa, na juu ya ardhi ile matumbawe yakaota. Matumbawe hayo leo ni mawe ya chokaa, na ndiyo yanayotupa uhakika: tabaka lenye viumbe vya bahari limelala juu ya tabaka lenye mifupa ya nchi kavu. Baadaye bahari ikashuka, kisiwa kikaibuka kikiwa kitupu.

Mwaka 2019 Julian Hume wa jumba la makumbusho ya viumbe la London na David Martill wa Chuo Kikuu cha Portsmouth walichapisha uchunguzi wa visukuku vya kukuziwa kutoka sehemu mbili za Aldabra, moja ya kabla ya mafuriko na nyingine ya baadaye. Katika mifupa ya kabla, bawa lilikwisha kupungua, ndege alikuwa haruki. Ndege huyo hakuweza kunusurika. Hakuwa na namna ya kuondoka kisiwa kilipozama. Katika sehemu ya pili, yenye umri wa karibu miaka 100,000, umepatikana mfupa wa mguu. Nao ni mnene na mzito kuliko wa ndege anayeruka wa Bukini, dalili kwamba uzito umeanza kuhamia miguuni na kwamba ndege alikuwa njiani kuacha kuruka.

Maana yake ni kwamba wahamiaji wapya walivuka kutoka Bukini, wakakuta kisiwa kile kile kisicho na adui, na wakashika njia ile ile. Hawa wa pili ndio mababu wa kukuziwa wanaotembea Aldabra leo.

Nataka msomaji wa ubao atofautishe ushahidi na hitimisho, kwa hiyo nimeviandika kwa rangi mbili. Mifupa na tabaka ni nyeusi. Kwamba walitoka Bukini ni buluu, kwa sababu hilo tunalipata kwa kulinganisha na jamaa wa karibu waliopo, si kwa kumwona ndege akivuka. Mtu asiyeridhika na buluu bado ana nyeusi ya kushughulika nayo: ndege asiyeruka hawezi kuwa alikaa mahali pengine akisubiri maji yapungue.

Hesabu ya kokoto

Wanafunzi wakubwa wamekuja kusaidia kupaka rangi. Mmoja akasema bawa limepotea kwa sababu halikutumika, na mzazi asiyeruka huzaa mtoto asiyeruka. Wengi wanaamini hivyo. Sikumjibu kwa maneno, nilimwaga kokoto sakafuni.

Chukua ndege 100. Mmoja ana urithi wa misuli midogo kidogo, 99 wana ya kawaida. Tuseme akiba ya chakula inampa yule mmoja watoto asilimia 2 zaidi ya wenzake kila kizazi, hakuna kingine. Asilimia 2 ni kitu ambacho hata ukiwachunga ndege hao kwa miaka hutakiona kwa macho. Uwiano unaanza 1 kwa 99, na kila kizazi unauzidisha kwa 1.02. Baada ya vizazi 100 wenye misuli midogo wamefika kama 7 katika kila 100. Baada ya vizazi 200 ni 35. Baada ya 300 ni 79, na kufikia 400 wamepita 96. Tukikisia kizazi kimoja ni miaka 2, hiyo ni miaka 800.

Kisha wakatazama ubao wa bluu. Kati ya mafuriko na ule mfupa mnene wa mguu kuna miaka isiyozidi 36,000, na sehemu ya muda huo kisiwa kilikuwa bado chini ya maji. Hata tukitoa nusu, nafasi inabaki kubwa. Bila shaka bawa halitawaliwi na urithi mmoja, na kila badiliko jipya lazima kwanza litokee, tena lisipotee kwa bahati mbaya likiwa bado kwa ndege mmoja. Hesabu yetu inaonyesha kasi ya kuenea tu.

Katika hesabu hiyo hakuna ndege aliyebadilika maishani mwake. Kila mmoja alikufa na bawa lile lile alilozaliwa nalo. Kilichobadilika ni idadi. Yule kijana alizipanga kokoto upya mwenyewe mpaka akaridhika, na nimemwomba yeye ndiye asimamie meza hiyo siku ya kufungua.

Nyongeza ya ubao huu: mwaka 2016 Natalie Wright na wenzake walichapisha vipimo vya mamia ya spishi za ndege, wakaona hata ndege wa visiwani ambao bado wanaruka wana misuli midogo ya kifua na miguu mirefu kuliko jamaa zao wa bara, hasa kwenye visiwa vyenye maadui wachache. Kukuziwa wa Aldabra ameifika mbali njia ambayo wengine wengi wamo.

Ukubwa na udogo, sehemu fupi

Nilitaka kuiacha kabisa mada ya ukubwa, lakini kobe hawaachiki. Kila mtu hapa pwani anaikumbuka hadithi ya Owen, kiboko mdogo aliyeokolewa Malindi Desemba 2004, akapelekwa Haller Park Mombasa akajiegemeza kwa Mzee, kobe wa Aldabra. Watoto watamuulizia tu.

Bristol Foster, aliyewahi kuwachunguza twiga wa Mbuga ya Nairobi, ndiye aliyeandika mwaka 1964 kwamba visiwani wanyama wadogo kama panya huelekea kuongezeka na wakubwa huelekea kupungua. Kwa wakubwa sababu yake inaeleweka: chakula cha kisiwa kina kikomo, na mwili mdogo unaokomaa mapema unapita ukame ambao mwili mkubwa haupiti. Ukubwa wenyewe ulikuwa kinga dhidi ya simba na fisi ambao hawapo tena. Hivyo ndivyo viboko wa Bukini walivyofikia kuwa vibete kabla ya kutoweka karibu miaka elfu moja iliyopita.

Lakini kobe wa Aldabra nimemwandikia onyo. Mtu akiona kobe mkubwa kisiwani hudhani kisiwa ndicho kilichomkuza. Visukuku vinaonyesha kobe wakubwa waliishi barani pia, na Bukini kulikuwa na wengine wakubwa kama hao. Inaelekea zaidi kwamba walifika wakiwa wakubwa tayari, na ukubwa ndio uliowavusha: mwili mkubwa unaelea na unakaa muda mrefu bila kula. Desemba 2004 hiyo hiyo, kobe wa Aldabra alitoka majini akitembea pale Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, miguu imeshikwa na wale viumbe wenye magamba wanaoganda chini ya chombo kisichokwanguliwa. Ukubwa wa viumbe hao ulionyesha alikuwa baharini kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo ukitaka kusema kisiwa kimemkuza mnyama, mlinganishe kwanza na babu yake wa upande wa pili wa maji. Kwa kukuziwa babu huyo tunaye, ndiyo maana ukuta ni wake.

Binti wa darasa la sita akauliza mbona panya wa Amu si wakubwa kama mbuzi. Swali zuri, limepata kibao chake. Mkondo wetu na bara ni mwembamba, kila chombo kinavusha panya wapya wanaochanganya urithi, na miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, hapa petu palikuwa bara. Kisiwa kinachobadilisha mnyama lazima kiwe mbali na kikae mbali muda mrefu.

Kazi iliyobaki

Fundi ameleta maumbo. Bawa la Aldabra limetoka vizuri sana, ukingo wake ni laini kama umeota wenyewe.

Kibao cha mwisho ni cha paka, na hapa Lamu hakiwezi kukwepwa. Watu walipokaa Aldabra walikwenda na paka. Kwenye visiwa vyake vya Picard na Grande Terre kukuziwa wakaisha, wakabaki kwenye vile visivyo na paka. Ndege huyu hamkimbii mtu, anamfuata kwa udadisi hadi miguuni, na hofu nayo ilikuwa gharama iliyopungua pamoja na bawa. Picard ilipokuwa haina paka tena, kukuziwa walirudishwa mwaka 1999 kutoka Malabar, kisiwa kingine cha Aldabra, wakazaliana na kuenea.

Nimewaomba wanafunzi wasichore paka kama jini. Paka anafanya kazi yake ile ile ya mitaani kwetu. Kilichobaki ni kupigilia ubao wa bluu, kubandika maandishi ya rangi mbili, na kutafuta mfuko wa kokoto zinazolingana.